Asilimia ya Nini? Majedwali ya Dodoso Letu la Maji na Grafu Tulizozichagua

Ripoti ya mradi wetu wa somo la mbinu za utafiti ilikuwa na majedwali mengi kuliko slaidi tulizoruhusiwa. Tulikuwa tumehoji kaya 120 katika mtaa mmoja ulioko pembezoni mwa Jiji la Dodoma kuhusu namna zinavyopata maji, na ripoti yenyewe iliwasilishwa mara mbili: kwanza darasani, mbele ya wahadhiri, kisha katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu tulikuwa tumemwahidi Mwenyekiti kwamba majibu ya wananchi wake yatarudi kwao. Tarakimu nitakazozitumia hapa nimezibadilisha kidogo ili mtaa huo usitambulike, lakini sura ya matokeo nimeiacha kama ilivyokuwa, kwa kuwa sura hiyo ndiyo iliyoamua grafu ipi ichorwe na ipi iachwe.

Mhadhiri aliyetusimamia alitupa sharti moja kabla hatujafungua kompyuta. Chini ya kila jedwali tuliloliteua tuandike kwa kalamu sentensi moja inayosema jedwali hilo limeonyesha nini, na jedwali lisilotoa sentensi lisiingie kwenye slaidi. Sharti hilo liliondoa nusu ya kazi. Jedwali la umri, jinsia na elimu ya wahojiwa, ambalo vikundi vingi huliwekea grafu tatu au nne mwanzoni, halikutupa sentensi yoyote zaidi ya kueleza tulizungumza na nani, kwa hiyo tulilisema kwa mdomo tukaendelea. Mimi binafsi niliongeza swali la pili pembeni mwa kila sentensi: hii ni asilimia ya nini? Ni ya kaya zote, ya majibu yote, au ya kundi fulani tu ndani ya kaya hizo? Swali hilo ndilo lililotuongoza kuchagua grafu kwa uhakika zaidi kuliko orodha yoyote ya aina za grafu.

Jedwali la kwanza lilitokana na swali lililomruhusu mhojiwa kutoa jibu zaidi ya moja: "Katika mwezi uliopita, kaya yako ilipata maji kutoka wapi?" Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi ya kiangazi kaya nyingi haziwezi kutegemea chanzo kimoja. Kaya 74 zilitaja gati la umma, 64 wauza maji wa maguta na mikokoteni, 50 bomba la jirani, 38 bomba la nyumbani, 22 kisima na 16 maji ya mvua waliyoyahifadhi. Ukijumlisha unapata majibu 264 kutoka kwa kaya 120, yaani kila kaya kwa wastani ilitaja vyanzo viwili na ushei.

Hapa ndipo chati duara huwa ya hatari, na hatari yake haionekani kwa macho. Programu haikatai kuichora. Inachukua 264 kama duara zima, inaligawa, na gati la umma linapata kipande cha asilimia 28. Mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi atasoma kwamba robo tu ya kaya, na kidogo juu yake, huchota gatini, wakati ukweli ni kwamba kaya 74 kati ya 120, yaani asilimia 62, ndizo zinazochota huko. Wauza maji nao wanaonekana kuwa na asilimia 24 badala ya 53. Duara limejumlisha majibu, lakini sentensi yetu ilihusu kaya. Dalili ya kutambua jambo hili mapema ni rahisi: kokotoa kila asilimia kwa kugawanya kwa idadi ya kaya, kisha zijumlishe. Zikizidi mia moja kwa kiasi kikubwa, kama zetu zilivyofika 220, basi vipande hivyo si sehemu za kitu kimoja na hakuna duara linaloweza kuvibeba.

Tulichora pau za kulala, moja kwa kila chanzo, zikiwa zimepangwa kuanzia ndefu hadi fupi, na juu ya grafu tukaandika: "Kaya zilizotaja kila chanzo, kati ya kaya 120, kaya iliruhusiwa kutaja zaidi ya kimoja." Pau za kulala zilifaa kuliko za kusimama kwa sababu majina ya vyanzo ni marefu, "wauza maji wa maguta na mikokoteni" likiwekwa chini ya pau iliyosimama hugeuzwa mshazari, na msomaji hulazimika kupinda shingo. Mpangilio wa urefu nao una kazi, kwa kuwa jicho huona mara moja nani wa kwanza na nani wa mwisho. Katika Excel pau ya safu ya kwanza ya jedwali hukaa chini kabisa, kwa hiyo anayepanga jedwali kutoka kubwa hadi dogo hupata grafu iliyopinduka. Dawa yake iko kwenye mpangilio wa mhimili, kisanduku kinachoitwa `Categories in reverse order`.

Niongeze jambo moja kuhusu kuhesabu, kwa kuwa grafu nzuri haiwezi kuokoa hesabu mbovu. Tulikusanya data kwa simu kupitia KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso, ambayo swali la majibu mengi hulitoa kwa namna mbili katika faili moja: safu wima moja yenye majibu yote ya mhojiwa yakifuatana, na safu wima nyingine, moja kwa kila jibu, zenye 1 kwa aliyelitaja na 0 kwa asiyelitaja. Anayetengeneza jedwali kutoka ile safu ya kwanza hupata makundi mengi ya ajabu, kama "gati na kisima" na "gati, kisima na mvua", kila moja likiwa na kaya tatu au nne. Akiona pau nyingi fupi zisizo na kiongozi, ajue amehesabu michanganyiko, siyo vyanzo. Zinazohitajika ni zile safu za 1 na 0, na hesabu yake kwa kila chanzo haizidi mstari mmoja:

```
=COUNTIF(F2:F121,1)/120
```

Lakini jedwali hilo peke yake lilisema nusu tu ya habari. Tulikuwa tumeuliza pia chanzo kikuu, jibu moja tu kwa kila kaya, na hapo majibu yalikuwa gati 41, bomba la nyumbani 31, wauza maji 26, bomba la jirani 17 na kisima 5, jumla 120. Jedwali hili lingeweza kuingia kwenye duara kihalali, kwa kuwa kila kaya imehesabiwa mara moja na vipande vinatimiza mia moja. Hata hivyo tuliliacha duara. Sababu ya kwanza ni ya macho: majaribio ya watafiti William Cleveland na Robert McGill yaliyochapishwa mwaka 1984 yalionyesha kwamba watu hulinganisha kwa usahihi zaidi vitu vilivyowekwa kwenye kipimo kimoja cha pamoja kuliko wanavyolinganisha pembe, na tofauti ya 31 na 26 ndani ya duara ni ya kubahatisha. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwetu. Sentensi tuliyoiandika chini ya majedwali hayo mawili ilikuwa hii: "Wauza maji hutumiwa na kaya nyingi kuliko bomba la nyumbani, lakini ni chanzo kikuu cha kaya chache." Sentensi hiyo inalinganisha majedwali mawili, na maduara mawili yaliyowekwa bega kwa bega hayawezi kuisema.

Kwa hiyo tuliweka pau mbili kwa kila chanzo, ya juu ya rangi hafifu kwa waliokitaja na ya chini ya rangi iliyokolea kwa wale ambao ndicho chanzo chao kikuu. Kwenye bomba la nyumbani pau hizo karibu zinalingana, 38 kwa 31. Aliye nalo hulitegemea. Kwa wauza maji, 64 kwa 26, pau ya pili haifiki nusu ya ya kwanza. Bomba linapokauka ndipo guta huitwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo. Lilionekana kwenye nafasi iliyobaki kati ya ncha za pau mbili, na ndiyo maana ninaitetea sana grafu hii hata kama kwa umbo haina kitu cha kuvutia.

Jedwali la pili lilikuwa gumu zaidi, na ndilo ambalo wanafunzi wengi hulimaliza kwa haraka. Tuliuliza kaya zinaridhika kwa kiwango gani na ladha ya maji, bei, na uhakika wa mgao, kwa ngazi tano kuanzia "Siridhiki kabisa" hadi "Naridhika sana". Njia iliyozoeleka ni kuzipa ngazi namba kuanzia 1 hadi 5, kutafuta wastani, kisha kuchora pau tatu. Tulipofanya hesabu hiyo ladha ilipata 3.35, bei 2.45, na mgao 2.45. Grafu ya wastani ingeonyesha pau mbili za urefu uleule, na mtoa mada angesema kwamba wananchi wanalalamikia bei na mgao kwa kiwango sawa.

Tazama sasa majibu yenyewe. Kuhusu bei, asilimia 25 walisema hawaridhiki kabisa, 35 hawaridhiki, 15 wastani, 20 wanaridhika na 5 wanaridhika sana. Kuhusu mgao, mfuatano uleule ulikuwa 35, 30, 5, 15 na 15. Kwenye bei watu wamejaa upande wa kutoridhika na wanapungua kidogo kidogo kuelekea upande wa pili. Kwenye mgao karibu hakuna aliyesimama katikati. Kuna kundi kubwa lenye hasira na kundi dogo lililotosheka kabisa. Ni mitaa miwili ndani ya mtaa mmoja, na wastani umeifukia yote. Pau ya wastani haina nafasi ya kuonyesha mgawanyiko, hata uichore kwa ustadi gani.

Tulichagua pau za kulala zenye tabaka, zote za urefu mmoja wa asilimia mia, moja kwa ladha, moja kwa bei na moja kwa mgao. Excel huiita `100% Stacked Bar`. Faida yake kwa swali la ngazi ni kwamba ncha zote mbili zimenyooka: wasioridhika kabisa wote huanzia ukingo wa kushoto, na wanaoridhika sana wote huishia ukingo wa kulia, kwa hiyo makundi mawili ya pembeni hulinganishwa kwa urahisi. Yale ya katikati huelea, na kuyalinganisha kwa jicho ni kazi ngumu. Huo ni upungufu wa kweli wa grafu hii, na ndiyo sababu tuliandika asilimia ndani ya kila tabaka, isipokuwa zile mbili za 5, ambazo zilikuwa nyembamba mno kubeba maandishi. Ngazi zikiwa saba, au vipengele vikiwa kumi, nisingeipendekeza. Ningejumlisha kwanza pande mbili na kuonyesha wasioridhika peke yao.

Katika grafu ya namna hii mpangilio wa tabaka haubadilishwi. Pau za vyanzo tulizipanga kwa urefu kwa kuwa gati na kisima havina nani wa kwanza kwa asili yake, ila ngazi za kuridhika zina mfuatano wake na ukiuvuruga grafu inakosa maana. Na kompyuta huuvuruga bila kuuliza: jedwali egemeo la Excel, yaani `PivotTable`, hupanga majibu kwa alfabeti, hivyo "Naridhika" hutangulia, "Naridhika sana" hufuata, kisha "Siridhiki", "Siridhiki kabisa", na "Wastani" hutupwa mwisho kabisa. Ukiona rangi ya katikati imekaa pembeni, ujue limetokea hilo. Sisi tuliweka tarakimu mbele ya kila jibu tangu kwenye data, "1 Siridhiki kabisa", "2 Siridhiki" na kuendelea, na tarakimu hizo tukazifuta kwenye slaidi ya mwisho.

Mgawanyiko ule wa mgao ulituleta kwenye jedwali la tatu. Mwenzetu mmoja, dada aliyehoji kaya nyingi kuliko sisi sote, alisema tangu mapema kwamba walioridhika ni wenye simtanki, kwa kuwa maji yakija usiku wao hujaza na kulala. Tulihesabu. Kaya zilizoridhika na mgao, ukijumlisha ngazi mbili za juu, zilikuwa 36. Kati ya hizo 23 zilikuwa na simtanki na 13 hazikuwa nalo. Ukichora 23 na 13 kama zilivyo, unaona tofauti ambayo haifiki hata mara mbili, na hoja ya dada yule inaonekana kuwa ya wastani tu. Lakini makundi yenyewe hayalingani: kaya zenye simtanki zilikuwa 34 na zisizo nalo 86. Walioridhika ni 23 kati ya 34, yaani asilimia 68, dhidi ya 13 kati ya 86, yaani asilimia 15.

Hapa lile swali la "asilimia ya nini" lilikuwa na majibu matatu yanayowezekana, yote yakiwa sahihi kihesabu. Tungeweza kusema asilimia 64 ya walioridhika wana simtanki, 23 kati ya 36. Tungeweza kusema asilimia 19 ya kaya zote zina simtanki na zimeridhika, 23 kati ya 120. Au tuseme asilimia 68 ya wenye simtanki wameridhika. Sentensi yetu iliuliza kama simtanki linaendana na kuridhika, kwa hiyo ni lazima kila kundi ligawanywe kwa idadi yake lenyewe. Kanuni ninayoitumia hadi leo ni kuitazama pau na kujiuliza mia moja yake ni akina nani. Kama pau mbili ninazozilinganisha zina mia moja tofauti, kila moja lazima iandikwe chini yake. Chini ya pau zetu tuliandika "wenye simtanki, kaya 34" na "wasio na simtanki, kaya 86".

Idadi hizo ndogo zilitulazimisha pia kuwa waangalifu na desimali. Kaya moja katika kundi la 34 ni sawa na karibu asilimia tatu, hivyo kuandika 67.6 ni kudai usahihi ambao kundi hilo halina. Hata kama kaya zingeteuliwa kwa bahati nasibu kamili, asilimia 68 ya kundi dogo kiasi hicho ingeweza kuyumba kwa takriban pointi 16 juu au chini. Pengo la 68 na 15 linastahimili mtikisiko huo. Tulikuwa na pengo jingine, kuhusu kaya zenye watoto wadogo, lililokuwa la pointi nane tu kwa makundi ya ukubwa huohuo, na hatukulichorea pau, kwa kuwa pau ni kauli nzito na mtazamaji hawezi kuona kuyumba kulikojificha nyuma yake.

Rangi tuliziamua mahali pa kuonyeshea, siyo kwenye kompyuta. Ukumbi wa darasani ulikuwa na madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na jua la mchana la Dodoma lilifuta njano na kijani hafifu ukutani hata pale zilipokuwa wazi kabisa kwenye skrini. Tulibaki na kahawia mbili kwa wasioridhika, kijivu katikati, na buluu mbili kwa walioridhika, kila upande ukikolea kuelekea ukingoni. Ofisi ya mtaa haikuwa na projekta. Tulichapa kurasa na kuzitoa fotokopi nyeusi, na kwenye fotokopi kahawia iliyokolea na buluu iliyokolea zikawa kijivu kimoja, jambo ambalo tuliligundua kwenye nakala ya kwanza dukani. Kwa kuwa maneno yalikuwa ndani ya tabaka zenyewe, "hawaridhiki kabisa" upande mmoja na "wanaridhika sana" upande mwingine, badala ya kuwa kwenye kisanduku cha ufunguo wa rangi pembeni, grafu ilisomeka vilevile.

Katika mkutano huo mama mmoja mjumbe alishika ukurasa wa simtanki, akaweka kidole kwenye pau fupi, akasema, "Mwanangu, hawa wasio na simtanki lakini wameridhika, ni akina nani? Kwangu mimi hawapo." Nilimjibu, "Mama, hilo hatukuliangalia, tutakuletea." Tulirudi kwenye data tukakuta wengi wao walitaja gati kama chanzo kikuu. Mwenzangu mmoja alitaka tuongeze grafu nyingine kwa ajili yao. Kaya zenyewe zilikuwa 13, na kuzigawa tena kwa chanzo kungetoa pau za kaya mbili na kaya moja, kwa hiyo tuliandika sentensi moja yenye hesabu kamili chini ya ukurasa uleule, tukampelekea Mwenyekiti nakala mpya.